Kutoa madoa ya manjano kwa jua

Nyumbani kwetu Unguja mchuzi wa samaki na urojo hutiwa manjano ya kutosha, kwa hiyo vyombo vya plastiki tunavyohifadhia chakula, hasa vile vyeupe, havikawii kubadilika rangi. Kusugua zaidi hakusaidii, kwa sababu kurkumini, ambayo ndiyo rangi ya manjano, huyeyuka kwenye mafuta na si kwenye maji, na mafuta ya mchuzi wa moto ndiyo yanayoiingiza ndani ya plastiki. Jua, kinyume chake, huivunjavunja rangi hiyo hapo hapo ilipo mpaka isionekane tena.

Jua haliondoi mafuta, hivyo kwanza huviosha vyombo kwa maji ya moto na sabuni ya kuoshea vyombo mpaka ubapa wa ndani usiteleze tena mkononi. Kisha huvianika uani, upande wenye doa ukielekea juu na mifuniko ikiwa mbali, kwa kuwa palipo na kivuli doa hubaki. Niliwahi kuanua chombo ambacho nusu yake ilikuwa imekingwa na ukuta: nusu moja ilikuwa nyeupe, nyingine bado ya manjano, na mpaka kati yake ukionekana wazi. Jua likiwa kali, doa jipya hufifia kwa mchana mmoja. La zamani huhitaji kugeuzwa na kuanikwa tena.

Kanzu ya mume wangu, nyeupe ya pamba, iliyomwagikiwa urojo kifuani, ilitaka uangalifu zaidi. Nilikwangua uzito wa urojo kwa kijiko, nikapitisha maji baridi upande wa nyuma wa kitambaa ili rangi isukumwe nje, kisha nikapaka sabuni ya mche. Doa likageuka jekundu kama la tambuu, jambo linalowatisha wengi, ilhali ni kurkumini tu inayobadilika rangi inapokutana na sabuni yenye magadi. Ukisuuza vizuri na kudondoshea ndimu kidogo, unjano hurudi. Niliisuuza ndimu yote, nikaianika kanzu ikiwa mbichi, kifua kikitazama jua, na jioni kilikuwa kimebaki kivuli hafifu kilichotoweka baada ya kufuliwa na kuanikwa tena. Pasi haikuigusa kabla ya hapo, kwa sababu joto lake hulishikiza doa lililobaki na mafuta.

Nguo za rangi siziachi juani namna hiyo, kwani jua halichagui kati ya rangi ya manjano na rangi ya kitambaa, na hariri hudhoofika na kupata unjano wake yenyewe. Plastiki nayo, ikiachwa nje siku nenda siku rudi, hukakamaa na kupasuka. Rangi ikishatoka, mimi huviingiza vyombo ndani.