Dola 43 zilizopotea njiani, na jinsi nilivyozipata kwenye karatasi

Ankara ilikuwa ya dola 1,000, akaunti ikasoma 957. Kila niliyemuuliza alinijibu kwa kujiamini kabisa: "Hicho ni kiwango cha kubadilisha fedha." Kiwango kipi, na pesa imetoka dola ikaingia dola?

Benki mbili zisizo na akaunti kati yao haziwezi kulipana moja kwa moja. Huzipitia benki za katikati ambazo zinazitunzia akaunti. SWIFT, mtandao unaounganisha benki, yenyewe hubeba ujumbe tu. Pesa huhama kwa akaunti moja kupunguzwa na nyingine kuongezwa. Kila benki ya katikati huchota ada yake kwenye kiasi hichohicho, halafu husukuma mbele kilichobaki.

Nilimwambia mlipaji asinitumie risiti ya kwenye simu, kwa sababu ile huonyesha kiasi alichotuma tu. Badala yake niliidai benki yangu nakala ya MT103, yaani ujumbe wa malipo wa SWIFT, kama ulivyoifikia, maana ule uliotumwa mwanzoni na benki ya mlipaji hauna makato ya njiani. Ilipofika, raha ilikuwa hapa:

```
:32A:250314USD967,00
:33B:USD1000,00
:71A:SHA
:71F:USD18,00
:71F:USD15,00
```

33B ni kiasi alichoagiza mlipaji, 32A ni kilichoifikia benki yangu. Kila mstari wa 71F ni mkono mmoja uliochota njiani: 18 na 15, jumla 33. Zile 10 zilizobaki zilikatwa na benki yangu mwenyewe kwa kupokea, nami nikazikuta kwenye taarifa ya akaunti. Kama fedha ingebadilishwa, kungekuwa na mstari wa 36 wenye kiwango. Haukuwepo, mjadala ukaisha. (Ukipewa muundo mpya, pacs.008, SHA huandikwa SHAR, na makato hukaa kwenye ChrgsInf.)

SHA kwenye mstari wa 71A maana yake mlipaji anabeba ada ya benki yake, na makato ya njiani yanamwangukia mpokeaji. Ikiwa BEN, yote ni yako. Ikiwa OUR, yote ni ya mlipaji, na ndivyo tunavyoandika sasa kwenye ankara: kwamba 71A iwe OUR. Lakini wanaosema "chagua OUR ulale usingizi" wanakurahisishia mno. Kuna benki za katikati zinazokata hata hivyo, na hapo mlipaji ndiye afungue malalamiko kwenye benki yake, akitaja UETR, ile namba ndefu yenye herufi na tarakimu inayofuatilia malipo.

Wengine walinishauri niongeze dola 43 kwenye kila ankara. Njia ikibadilika, kesho ni benki moja au tatu, na hesabu yako imeharibika. Kilichonisaidia zaidi ni kuunganisha malipo: ada hizi mara nyingi hazipandi sambamba na kiasi, kwa hiyo ankara tatu za 1,000 kwa njia ile zingepoteza 129, na moja ya 3,000 ikapoteza 43 zilezile.