Nilivyokataa kusaini kwamba programu yetu haina chanzo huria

Nawaandikia nyie wenye kampuni ndogo za programu mnaotumiwa mkataba wa kurasa arobaini siku mbili kabla ya kusaini. Mimi niliambiwa na watu watatu tofauti, mmoja wao mtu ninayemheshimu sana kwenye fani hii, "Saini tu kaka, kile kifungu huwa kipo kwenye kila mkataba, hakuna anayekisoma." Ushauri huo bado unaniudhi. Ningeufuata, ningekuwa nimesaini jambo ambalo si kweli, na upande wa pili ungeweza kulithibitisha ndani ya dakika moja bila hata kuomba msimbo wetu.

Tunatengeneza mfumo wa mikopo, yaani akaunti za wanachama, ratiba za marejesho, risiti na taarifa za mwezi. Umeandikwa kwa Java na tunaufunga kwenye seva ya mteja mwenyewe. Kwa miaka kadhaa tuliuza kwa SACCOS ndogo hapa Dar kwa mkataba wa kurasa mbili. Halafu akaja mteja mkubwa zaidi, taasisi ya mikopo yenye wanasheria wake. Kwenye mkataba wao palikuwa na sentensi hii, naiweka kwa Kiswahili: "Muuzaji anathibitisha kwamba Programu haina msimbo wowote wa chanzo huria." Vifungu viwili mbele, kukawa na fidia isiyo na kikomo endapo uthibitisho wowote utakuwa si kweli.

Anayejua Java ataona tatizo hapo hapo. Mfumo wetu ulikuwa na maktaba zaidi ya themanini tulizozichukua mtandaoni, na karibu zote ni huria. Hata OpenJDK inayouendesha iko chini ya GPL toleo la 2, ila ina ruhusa maalumu inayoitwa Classpath Exception, ambayo ndiyo inayokuruhusu kuendesha programu ya biashara juu yake bila leseni hiyo kukufuata. Kwa hiyo sentensi ile ingekuwa ya uongo siku ileile ya kusaini.

Kuna jambo nililichelewa kulielewa, na nadhani wengi wetu tunalichanganya. Ukivunja leseni ya maktaba, mwenye haki ya kukushtaki ni mwenye hakimiliki ya maktaba hiyo, na huenda yuko Ulaya na hajawahi kusikia jina lako. Hapo ndipo wale washauri wangu walipokuwa wanategea. Lakini ukishathibitisha kwenye mkataba, mteja hahitaji kumsubiri huyo mtu. Uthibitisho ukiwa si kweli, umeshavunja mkataba naye yeye, na kesi inakuwa ya hapa hapa, kwa sheria ya hapa hapa. Tena wewe unadhamini kitu ambacho hukudhaminiwa. Leseni ya MIT, Apache na karibu zote zinasema wazi kwamba programu inatolewa kama ilivyo, bila hakikisho lolote. Pengo hilo linakaa juu yako peke yako.

Nikaamua kuwaandikia sentensi ya kweli badala ya ile. Ili kuandika ya kweli ilibidi kwanza nijue tuna nini, nikaendesha hii:

```
mvn org.codehaus.mojo:license-maven-plugin:add-third-party
```

Inakupa faili la `THIRD-PARTY.txt` lenye kila maktaba na leseni yake. Nililipitia usiku mmoja mstari kwa mstari. Nyingi zilikuwa Apache 2.0 na MIT, chache LGPL. Za aina hizi mbili za kwanza hazikulazimishi kutoa msimbo wako. Zinataka ubakize tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni, na kwa Apache lile faili la `NOTICE` lisafiri pamoja na bidhaa. Mwishoni kulikuwa na maktaba zetu wenyewe zisizo na leseni iliyotajwa, nikazipita kwa sababu ni zetu. Nikaandika orodha nzuri, nikaituma kwa wakili wao, nikalala vizuri.

Siku ya tatu akanipigia kijana wa TEHAMA wa upande wao, mpole kabisa. "Samahani bosi, nimefungua ile taarifa ya mwanachama mliyotupa kwenye majaribio, kwenye sifa za faili naona pameandikwa AGPL. Hiyo iko kwenye orodha yako?"

Nilifungua PDF ileile nikiwa bado naye kwenye simu. Kwenye sehemu ya `Producer` palikuwa na iText 5.5.13, na mwisho wa mstari mabano yenye maneno `AGPL-version`. Kila risiti na kila taarifa tuliyowahi kumtolea mwanachama wa SACCOS yoyote ilikuwa na mstari huo.

Kwa wasioijua, iText ni maktaba ya kutengeneza PDF. Matoleo yake ya zamani yalikuwa chini ya MPL na LGPL, leseni zinazoishi vizuri na biashara. Kuanzia toleo la 5, mwaka 2009, ikahamia AGPL, na asiyeitaka AGPL ananunua leseni ya kibiashara. AGPL maana yake ni kwamba ukiiunganisha na programu yako na kumkabidhi mtu, programu nzima inatakiwa itoke kwa masharti yaleyale, msimbo wake ukiwemo. Sisi tulikuwa tunakabidhi, kwa sababu tunafunga kwenye seva ya mteja. Na hata angekuwa anaitumia kwenye seva yetu tu, AGPL ina kifungu cha 13 kinachowahusu watumiaji wa kupitia mtandao endapo umeibadilisha maktaba.

Mbona orodha yangu haikuiona? Hili lilinichukua nusu siku. Zamani mwenzetu mmoja alitengeneza maktaba ndogo ya ndani ya kuchapa risiti, akaifunga kwa `maven-shade-plugin`, ile inayomwaga madarasa yote ya maktaba nyingine ndani ya jar moja. Inapofanya hivyo inaandika pom mpya, yaani lile faili la Maven linaloorodhesha maktaba, ila iliyopunguzwa na isiyotaja tena kilichomwagwa ndani. Kwa hiyo kila chombo kinachosoma pom kinaona maktaba yetu moja isiyo na leseni, na iText imekaa tumboni mwake. Ndiyo ile niliyoipita usiku ule. Niliipata kwa kufungua jar zenyewe:

```
for f in WEB-INF/lib/*.jar; do
  unzip -l "$f" | grep -q com/itextpdf && echo "$f"
done
```

Jibu likawa faili moja, la kwetu. Tangu siku hiyo naamini orodha ya pom kama ninavyoamini hesabu ya mdomo dukani: ni ya kuanzia, halafu unafungua sanduku.

Ushauri mbaya ukaja tena kwa wingi. Mmoja akasema nifute ule mstari wa `Producer` kwa msimbo kidogo, hakuna atakayejua. Wamiliki wa iText waliongeza sharti chini ya kifungu cha 7 cha AGPL kwamba mstari huo ubaki kwenye kila PDF. Ungeufuta, ungekuwa umevunja leseni mara ya pili, na safari hii kwa makusudi. Leseni ya kibiashara niliulizia, bei ikawa nje kabisa ya mkataba wa ukubwa wetu.

Nilichofanya ni kuhamia OpenPDF, ambayo ilitokana na iText 4 ya zamani na iko chini ya LGPL na MPL. Kwa sababu ni ukoo mmoja, msimbo unafanana kiasi kwamba kazi kubwa, kwa OpenPDF ya kabla ya toleo la 3, ilikuwa kubadilisha majina ya vifurushi:

```
grep -rl com.itextpdf.text src | xargs sed -i 's/com\.itextpdf\.text/com.lowagie.text/g'
```

Kilichogoma ni rangi. iText 5 ina darasa lake la `BaseColor`, OpenPDF inatumia `java.awt.Color` ya Java yenyewe. Nikarekebisha kwa mkono, kisha nikachapa taarifa 50 za zamani kwa njia zote mbili na kuzilinganisha kwenye kioo. Jedwali la marejesho lilisogea kidogo kwenye ukurasa wa pili, nikalirudisha. Jumla jioni nne. Na safari hii sikumwaga kitu ndani ya kitu: jar ya OpenPDF imekaa peke yake, haijaguswa, na kwenye faili la leseni tumeandika msimbo wake unapatikana wapi, maana MPL inataka mpokeaji aambiwe.

Ndipo tukarudi mezani. Wakili wangu alinichaji laki tano na kitu, na kila shilingi ilistahili. Sentensi tuliyoipendekeza ilisema kwamba katika tarehe ya kukabidhi, Kiambatisho kinaorodhesha programu zote huria zilizomo, kwamba Muuzaji ametimiza masharti ya leseni hizo, na kwamba hakuna hata moja, kwa namna ilivyotumika, inayomlazimu Mteja kutoa msimbo wake au kumruhusu mtu mwingine kuutumia. Maneno "kwa namna ilivyotumika" yapiganieni. LGPL ikikaa pembeni kama maktaba inayoweza kubadilishwa ni jambo moja, ukiikata na kuichanganya na yako ni jambo jingine.

Nilitaka pia kuweka "kwa kadiri Muuzaji anavyofahamu" mbele ya yote. Dada wakili wa upande wao alikataa, na nakiri alikuwa na haki. "Kilichomo ndani ya bidhaa yako unaweza kukikagua," alisema, "kwa hiyo ukithibitishe bila kujificha." Akaikubali sehemu moja tu: kwamba waandishi wa maktaba hizo hawakunakili kazi ya mtu mwingine. Hilo kweli siwezi kulijua, hata nikifungua kila jar. Fidia ikawekewa kikomo cha thamani ya mkataba, na nikapewa haki ya kwanza ya kubadilisha kipande chenye tatizo ndani ya siku 30 kabla ya kudaiwa pesa. Nami nikakubali kutoa Kiambatisho kipya kila ninapotoa toleo jipya.

Wakabaki wateja wa zamani, wale wa kurasa mbili. Mikataba yao haikusema lolote kuhusu chanzo huria, lakini leseni ilikuwa imevunjwa vilevile. AGPL toleo la 3 inasema ukiacha uvunjaji, haki zako zinarudi kwa muda, na zinarudi kwa kudumu ikiwa mwenye hakimiliki hajakuarifu ndani ya siku 60 tangu ulipoacha. Niliwapelekea toleo jipya bure, mmoja mmoja, nikafuta jar ya zamani kwenye kila seva na kwenye nakala za akiba. Wa mwisho alikuwa Kibaha. Nilipomaliza nilimwomba mhasibu wao achape taarifa ya mwanachama yeyote, nikafungua sifa za faili pale pale kwenye mashine yake. Pameandikwa `OpenPDF`.