Kumbukumbu ya mradi: nywila 83, na moja iliyogeuka kuwa namba

Imefunguka. Saa tano usiku swichi ya mtandao ya chumba cha seva imekubali nywila, ya pili kati ya tatu nilizokisia, nami nilikuwa nimekaa sakafuni na kompyuta mapajani nikicheka peke yangu. Naandika sasa hivi kabla sijalala, maana kesho nitaanza kujidanganya kwamba nilijua tangu mwanzo.

Kwa waliokosa sehemu iliyopita: tuko watu 7, na nywila zote tunazotumia kwa pamoja zilikuwa kwenye jedwali moja lenye kurasa 4 na mistari 83. Tumehamia Bitwarden, programu ya kutunza nywila. Nilipima pia KeePassXC, ya kazi hiyohiyo, na kwa mtu mmoja bado ndiyo ninayoipenda, lakini faili moja la pamoja lina shida yake: watu wawili wakilihifadhi kwa wakati mmoja kwenye folda inayojisawazisha, yanazaliwa mafaili mawili na mtu inabidi akumbuke kuyaunganisha. Nilitaka kitu ambacho mhasibu anaona nywila za uhasibu tu, mafundi wanaona za mitambo tu, na mtu akiondoka namwondoa sehemu moja. Mikusanyo ya Bitwarden inafanya hivyo bila kelele.

Mpango ulikuwa mwepesi. Nalitoa jedwali kama CSV, nalipanga kwa vichwa ambavyo Bitwarden inavitambua, nalipakia, tunabadilisha nywila zote, tunafuta jedwali. Vichwa vyenyewe kwa shirika ni hivi:

```
collections,type,name,notes,fields,reprompt,login_uri,login_username,login_password,login_totp
```

Upakiaji ulichukua dakika moja. Kwa kweli nilipakia mara mbili kwa pupa yangu, nikapata vitu 166, kwa sababu upakiaji hauangalii kama kitu tayari kipo. Nikafuta vyote, nikarudia. Hilo halikuniuma.

Kilichoniuma ni kwamba asubuhi yake nywila 14 zilikataa. Si moja wala mbili. Mhasibu akaniambia, "Kaka, kile cha zamani kilikuwa kinafanya kazi," na mimi nikamjibu kwa kujiamini kwamba nywila ni zilezile, zimetoka kwenye jedwali lilelile. Nilikuwa nimekosea mara mbili kwa sentensi moja.

Kosa la kwanza: jedwali lenyewe lilikuwa bovu tangu zamani. Hakuna aliyeligundua kwa sababu hakuna aliyekuwa analisoma. Watu walinakili nywila mara moja siku ya kwanza, kivinjari kikauliza kama kihifadhi, wakakubali, na tangu hapo kivinjari ndicho kilichokuwa kinaingia. Mtu akibadilisha nywila, kivinjari chake kinapata mpya na jedwali linabaki na ya kale. Nywila 6 kati ya zile 14 zilikuwa za aina hii, na tulizipata kwa kila mtu kutoa nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari chake. Ningeanza upya, ningekusanya za vivinjari kwanza na kulichukulia jedwali kama orodha ya majina ya akaunti tu.

Kosa la pili ndilo lililonikesha. Programu ya jedwali haijui kuwa unaandika nywila. Ukiandika tarakimu tupu, yenyewe inaona namba, na namba haina haja ya sifuri za mbele. Kwa hiyo 004913 inakuwa 4913. Namba inabeba tarakimu 15 tu za maana, kwa hiyo iliyo na tarakimu 16 inapoteza ya mwisho, inawekwa 0 badala yake, na hiyo hairudi tena. Nywila inayoanza na alama ya = inachukuliwa kuwa fomula na kutoa kosa. Mwenzetu mmoja alikuwa amekwepa hilo kwa kuweka nafasi mbele ya nywila, akijua kichwani mwake kwamba ile nafasi si sehemu yake. CSV haikujua. Ikaibeba nafasi hadi kwenye kasha la Bitwarden, na kwa macho huoni chochote.

Namna ya kuwanasa wote hawa ni kuuliza jedwali lenyewe kabla ya kulitoa. Kama nywila ziko safu ya D:

```
=IF(ISNUMBER(D2),"NAMBA","maandishi")
=LEN(D2)-LEN(SUBSTITUTE(TRIM(D2),CHAR(160),""))
```

Ya kwanza inakuonyesha kila nywila iliyomezwa ikawa namba. Ya pili ikitoa zaidi ya 0, kuna nafasi iliyojificha. Hiyo CHAR(160) ni ile nafasi isiyokatika inayokuja ukinakili kutoka ukurasa wa wavuti, na TRIM peke yake haiigusi. Nilipoteza saa nzima kabla ya kukumbuka hilo.

Za sifuri za mbele zilirekebishika kwa kujua urefu: namba ya siri ya tarakimu 6 ikionekana na 4, unajua kinachokosekana. Ile ya tarakimu 16 sikujisumbua nayo, tuliomba kuiweka upya kwa barua pepe. Ikabaki moja, ya swichi, ambayo kwenye kasha ilisomeka hivi: 4.47E+21.

Hii swichi haina barua pepe. Njia ya kuiweka upya ni kubonyeza kitufe cha nyuma na kufuta mipangilio yote, na mipangilio hiyo hakuna aliyeiwekea nakala. Stika yenye nywila ya kiwandani iko upande wa chini, na swichi imefungwa kwenye raki huku vifaa vingine vimeikalia juu na chini. Aliyeifunga alikuwa na nywila kwenye kivinjari cha kompyuta ambayo ilishafutwa kabisa. Na ukikosea mara 5 inajifunga.

Nilikumbuka kwamba stika za swichi zetu nyingine zote zina nywila za herufi 8, za tarakimu 0 hadi 9 na a hadi f, zote ndogo. Hapo ndipo taa ilipowaka. Nywila ya namna hiyo ikitokea kuwa na tarakimu tupu na e moja katikati, programu ya jedwali inaisoma kama namba ya kisayansi: kilicho kabla ya e mara kumi kwa kipeo cha kilicho baada yake. Mtu aliandika nywila halali kabisa, akabonyeza kitufe cha kuingiza, akaondoka. Nilipiga hesabu baadaye: kwa nywila za bahati nasibu za aina hii, inatokea takriban kwa 1 kati ya 180, maana kipeo kikizidi 308 namba haiingii na maandishi yanaachwa salama. Sisi tuna swichi 5. Bahati gani hii.

Kwenye CSV kulikuwa na 4.47E+21, lakini CSV huandika kile kinachoonekana kwenye seli, si kile kilichomo. Nilirudi kwenye jedwali la asili, nikabofya seli, na mstari wa fomula ukaonyesha 4.471E+21. Ile 1 moja ya ziada ndiyo iliyoniokoa, na ninyi mnaosoma hili msilifute jedwali la asili mpaka kila kitu kimefunguka.

Sasa hesabu. Tunatafuta herufi 8, moja ni e, kwa hiyo tarakimu ni 7. Thamani yake ni 4471 mara kumi kwa kipeo cha 18. Ukiandika 4471e18 umetumia tarakimu 6, inabaki nafasi ya moja. Hiyo moja inaweza kuwa sifuri mbele kabisa, inaweza kuwa sifuri mbele ya 18, au unaweza kuongeza sifuri nyuma ya 4471 na kupunguza kipeo kiwe 17. Ukiongeza sifuri mbili unapitiliza herufi 8. Basi ni hizi tu:

```
04471e18
4471e018
44710e17
```

Tatu, na mimi nina majaribio matano. Nilianza na ya kwanza, ikakataa. Ya pili ikafungua. Jambo la kwanza nililofanya ni kutoa nakala ya mipangilio, la pili ni kubadilisha nywila, la tatu ni kuiandika ile mpya moja kwa moja kwenye kasha bila kupitia jedwali lolote.

Kubadilisha nywila zilizobaki kumeanza lakini hakujaisha. Ni lazima, kwa sababu kufuta mistari kwenye jedwali la mtandaoni hakufuti historia ya matoleo, na sijui ni kompyuta ngapi zina nakala iliyopakuliwa. Tumeanza na barua pepe ya ofisi, kwa kuwa akaunti nyingine zote zinaombea nywila mpya hapo, kisha tunashuka. Tumefika 31 kati ya 83. Wiki hii nilipaswa pia kuhamisha misimbo ya hatua ya pili, ile ya tarakimu 6 inayobadilika kila sekunde 30 na ambayo kwa akaunti 4 inakaa kwenye simu ya mtu mmoja.

Sijaigusa. Nimenaswa na kitu kingine.

Kila mtu anahitaji nywila kuu ya kufungulia kasha lake, na niliwashauri wenzangu watumie maneno ya kurusha dadu: orodha ya EFF, shirika la haki za kidijitali, ya mwaka 2016 ina maneno 7776, unarusha dadu mara 5 kwa kila neno, maneno 6 yanatoa takriban biti 77 za ugumu wa kukisiwa. Wawili wakaniambia maneno ya Kiingereza hayakai kichwani. Dada wa huduma kwa wateja akauliza kwa nini hakuna ya Kiswahili, na sikuwa na jibu, basi nimeanza kuitengeneza. Nimeamua iwe ya maneno 1296, dadu 4 kwa neno, ambayo ni zaidi kidogo ya biti 10 kila moja. Maneno 7 yanafika 72, na kwetu inatosha.

Kazi yenyewe ni tamu kuliko nilivyodhani. Vitenzi nimeviacha, kwa sababu mtu atakumbuka "pika" na kuandika "kupika". Jina likiingia kwa umoja, wingi wake hauingii: "mti" na "miti" zikiwa pamoja, mtu atachanganya siku atakapokuwa na haraka. "Mbuzi" halina shida, umoja na wingi ni mamoja. Majina yanayotamkwa tofauti kutoka mtu hadi mtu nayaruka.

Nimefika neno la 412. "Kaa" limebaki, "makaa" nimelitoa.