Mama wa viazi karai, na vile niliacha kumwambia "huzunika"

Tulikuwa twashuti filamu fupi Kibokoni, mama anauza viazi karai barazani, mwanawe anakuja kumuaga, usiku huo anapanda ndege kwenda Doha kutafuta kazi. Mama mwenyewe hajawahi kuekti, ni muuzaji kweli, na yule kijana ni makanga wa matatu.

Nikamwambia, "Mamangu, hapa uwe na huzuni, moyo umevunjika." Basi uso ukashuka kabla hata kijana hajafungua mdomo, sauti ikawa ya matangani, na kila akimaliza maneno macho yanakuja kwangu, kuuliza sawa? Teki tano hivyohivyo. Kosa lilikuwa langu, nilimpa kitu ambacho hakuna mtu anaweza kukifanya akiamrishwa, kwa hivyo akaanza kunionyesha mimi huzuni badala ya kumtazama mwanawe.

Tukanywa chai kwanza. Halafu nikamwita pembeni, "Mama, huyu asitoke hapa bila kula. Viazi sita, na chatne. Ukimuona amekula umeshinda." Huzuni sikuitaja tena. Kijana nikamvuta kando, mama asisikie, "Begi lako liko chini ya kibao chake. Lichukue uende, usikae kitako, na usimkosee adabu." Yaani kila mmoja ana kitu anachokitaka kwa mwenziwe, na vyote viwili haviwezekani pamoja.

Kamera ikawashwa. Kijana akainama kushika mkanda wa begi, mama akaukanyaga kwa mguu, wallahi sikumwambia, huku mkono waendelea kupanga viazi kwenye sahani. "Kula kwanza." Polepole tu, bila kumtazama. Kijana akasimama pale hajui afanye nini na mikono yake. Nyuma ya kamera hakuna aliyepumua.

Ila usidhani hii yadumu. Teki ya tatu mama alikanyaga mkanda kabla kijana hajainama, ndio nikajua sasa anakumbuka, hafanyi tena. Sikumwambia "fanya kama mwanzo", hapo ndipo mtu huganda kabisa. Nilibadilisha kazi: sasa mtume akakuletee makaa, mcheleweshe. Maneno yakabaki yaleyale lakini macho yakarudi kwa mwanawe.

Shida iliyobaki ni ya editi, kwa sababu mtu akifanya kweli hafanyi sawasawa mara mbili, teki moja kijiko kiko mkono wa kulia nyingine wa kushoto. Kwa hivyo ile teki ikikubali nasogeza kamera karibu hapohapo kabla mwili haujasahau, na kuna kijana wetu mmoja kazi yake ni kuandika tu mkono upi ulishika nini na viazi vingapi vimebaki sahanini. Siku ile vilibaki vinne, kijana alikula viwili akiwa amesimama.