Jioni ya utamaduni: tiketi mapema, jamani

Chama chetu cha Waswahili huku ughaibuni kimetualika tena kwenye jioni ya utamaduni. Mimi nimo kwenye kamati ya chakula, kwa hiyo nasema kutoka jikoni: kateni tiketi kabla ya wiki ya mwisho. Kilo moja ya mchele hutoa pilau ya watu 8 hadi 10, na nyama tunainunua kwa hesabu hiyo hiyo. Mwaka jana wengi walilipia mlangoni. Ilipofika saa tatu usiku sufuria zilibaki na ukoko tu, na dada mmoja aliyetoka mbali na wanawe akaambulia kachumbari. Iliniuma mno.

Watoto hawalipi, ila waandikisheni majina, umri na mzio wowote wa chakula, hasa karanga na korosho. Watakula kwanza, saa kumi na mbili jioni, kisha wataingia chumba cha pembeni kwa hadithi na vitendawili, pamoja na walezi. Aliyemleta mtoto ndiye atakayekabidhiwa. Wenye vichanga, kaeni meza za nyuma. Spika za taarabu ziko mbele.