Mradi wa kitenge, hatua ya rangi: ukali huondolewa kwanza, chembe hufuata

Video za nguo za kitenge tulizopiga jioni kwenye majabali ya Capri Point, Mwanza, zimefika hatua ya rangi, na kutoka kwenye faili zilezile natengeneza sura mbili. Ya kwanza ni tangazo safi la bidhaa, litakaloonyesha kila gauni na bei yake. Ya pili ni ya kampeni, ambayo inatakiwa iwe na mwonekano wa filamu ya milimita 35, pamoja na chembe zake, yaani punje ndogo zinazochezacheza juu ya picha ya filamu.

Sura safi haikunichelewesha. Kamera ilirekodi kwa S-Log3, picha iliyofifia inayosubiri kutiwa rangi, kwa hiyo kwenye programu ya DaVinci Resolve natumia Color Space Transform kuipeleka Rec.709, kiwango cha rangi cha skrini za kawaida, nasawazisha weupe, kisha nashusha Radius ya paleti ya Blur kutoka 0.50 hadi 0.48, kwa kuwa chini ya 0.50 picha huongezeka ukali. Mama mwenye duka alipoiona aliridhika: "Hapo sawa, mwanangu, mteja aone mpaka mshono wa pindo."

Sura ya kampeni ndiyo iliyonipa kazi ya kufikiri. Wengi huanza kwa kumwaga chembe juu ya picha iliyokwisha kukamilika, na matokeo yake ni chembe zinazoelea mbele ya picha kama vumbi kwenye kioo. Sababu iko kwenye kingo. Ukali wa kidijitali hupatikana kwa kuongeza tofauti ya mwanga pale mpaka ulipo, hivyo upande mmoja hubaki na mstari mwembamba mweupe na upande wa pili mstari mweusi. Kwenye bega la mwanamitindo wetu, pale ngozi nyeusi inapokutana na maji ya ziwa yanayometa, nikikuza picha mara nne mstari huo unaonekana wazi. Jicho likishauona hutambua kuwa hiyo ni video, hata ukiijaza chembe kiasi gani.

Kwa hiyo dawa huanzia kwenye kamera, ambako Detail, yaani ukali unaoongezwa na kamera yenyewe, iliwekwa -7, na huendelea kwenye Resolve: Radius napandisha hadi 0.53, na Midtone Detail nashusha hadi -15. Kipimo changu ni maua madogo ya kitenge. Yakianza kuchanganyikana nimezidisha. Yakibaki yanasomeka lakini kingo hazikati jicho, hapo nasimama.

Baada ya hapo mpangilio ndio unaoamua. Color Space Transform inatoa Rec.709 kwa upande wa rangi, lakini gamma yake, yaani mgawanyo wa mwanga na giza, ni Cineon Film Log, kwa sababu LUT, jedwali la kubadilisha rangi, iitwayo Rec709 Kodak 2383 D60, inayoiga filamu ya kuchapishia nakala za sinema, hutarajia kupokea picha ya namna hiyo. Chembe naziweka katikati ya hatua hizo mbili. Katika filamu halisi chembe huzaliwa kwenye negativu, kisha kontrasti ya nakala huzipitia pamoja na picha. Zikiwekwa baada ya LUT zinakosa mapito hayo.

Natumia klipu ya chembe zilizoskaniwa juu ya kijivu cha nusu, nikaiunganisha kwa Layer Mixer katika hali ya Overlay na kuipunguza nguvu hadi karibu asilimia 20. Overlay haigusi kabisa nyeusi tupu wala nyeupe tupu, na nguvu yake kubwa iko kwenye kijivu cha nusu. Kwa kuwa Cineon huweka kijivu cha kati karibu na hapo, chembe hujikusanya kwenye ngozi, jabali na anga, huku mmeto wa maji ukibaki laini. Noizi ya kihisi hufanya kinyume: hujikusanya vivulini na huja na madoa ya rangi, ndiyo maana tulipiga kwa mwanga wa kutosha badala ya kutegemea noizi ituletee sura ya filamu.

Adui wa mwisho ni mbano wa faili. H.264 huziona chembe kama taarifa zisizo na faida na huzifuta, hasa kwenye anga. Naitoa hivi:

```
ffmpeg -i kampeni.mov -c:v libx264 -preset slow -crf 17 -tune grain -pix_fmt yuv420p -c:a aac kampeni.mp4
```

Kisha naipitisha fremu moja moja nikitazama anga juu ya ziwa. Chembe zikibadilika kila fremu, faili ni nzima. Zikiganda kwa fremu kadhaa au zikigeuka vijiraba, mbano umezila. Kwa nakala ya WhatsApp, ambayo itabanwa tena vikali, nimepunguza chembe hadi nusu na kutegemea rangi na kingo laini zibebe sura hiyo.

Kinachofuata ni vipande vya usiku vya Kirumba vyenye taa za karabai, ambavyo vitahitaji mng'ao mwekundu kuzunguka taa. Mng'ao huo kwenye filamu hutokana na mwanga kupenya hadi kwenye msingi wa filamu, kurudi nyuma na kuigusa tena tabaka inayopokea nyekundu, hivyo nitauweka kabla ya chembe.