Saa 8:00 asubuhi

Juzi mwanangu alikuwa anajifunza kusoma saa. Akaniletea simu: "Mama, hapa pameandikwa 8:00, mbona wewe unasema saa mbili?" Nikamwambia ajumlishe au atoe sita, akaridhika, akarudi kwenye daftari. Mimi sikuridhika. Nilibaki nimeshika ile simu, nikawaona tena wale kina mama wa Tukuyu wakishuka kwenye Kosta pale Uyole na ngoma zao zimefungwa kwa khanga.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 6 Julai 2019, siku moja kabla ya Sabasaba. Tamasha la kata lilikuwa na mashindano ya ngoma asubuhi, vyakula vya asili mchana, zawadi jioni. Taarifa kwa vyombo vya habari niliiandika mimi: ukurasa mmoja, kichwa cha habari, tarehe, jina na namba ya simu ya msemaji, saini na muhuri. Tuliipeleka Jumatatu kwenye redio mbili na kwa mwandishi mmoja wa gazeti. Tulihakikisha inapokelewa chumba cha habari, si dirisha la matangazo, kwa sababu chumba cha habari hakitozi pesa. Lakini chumba cha habari hukata, na hukata kutoka chini kwenda juu. Kwa hiyo nani, nini, wapi na lini lazima vikae aya ya kwanza. Hilo nililijua na nikalifanya.

Kosa lilikuwa ndani ya aya hiyohiyo ya kwanza. Ratiba niliyopewa na kamati ilikuwa imechapwa kwa Kiingereza, na muda wa kuanza ulikuwa 8:00 AM. Nikaandika hivi:

"Tamasha litafanyika katika uwanja wa Uyole kuanzia saa 8:00 asubuhi hadi saa 7:00 usiku."

Mtendaji wa kata alipoona saa hizo kwenye barua ya kuomba kibali alishtuka. "Saa saba usiku mnafanya nini uwanjani na baridi hii ya Julai?" Tukacheka, nikarekebisha pale pale: saa 1:00 usiku. Nikaenda kurekebisha na kwenye taarifa, mwishoni tu. Mwanzo sikuugusa, kwa kuwa neno "asubuhi" lilikuwepo na macho yangu yaliliamini.

Kwa Kiswahili hakuna saa 8 asubuhi. Saa nane ni ya mchana au ya usiku. Maana yake kila aliyepokea karatasi ile alikuta sentensi isiyowezekana, na kila mmoja akaitengeneza kwa akili yake. Mtangazaji wa redio ya kwanza aliifuata asubuhi, akasoma saa mbili asubuhi. Gazeti lilichapa kama lilivyoletewa. Mtangazaji wa redio ya pili, ambayo husikika sana upande wa Tukuyu, aliifuata namba, akasoma saa nane mchana. Wala hakukosea kufikiri. Tamasha la kuanzia saa nane mchana hadi saa moja usiku ni la saa tano, urefu wa kawaida kabisa kwa tamasha. Yale masahihisho yangu ya mwishoni ndiyo yaliyolifanya kosa la mwanzoni lionekane sawa. Kama ningeiacha saa 7:00 usiku, pengine angeshtuka kama mtendaji, akanipigia.

Asubuhi ya tamasha sikumbuki mengi. Mahema, spika, mgeni rasmi, vikundi vinne vya ngoma, kila kimoja dakika kumi na tano. Kufika saa saba majaji walikuwa wamekwisha kujumlisha alama.

Ile Kosta iliingia saa saba na nusu. Walishuka kina mama tisa na mzee mmoja, wamevaa sare, wamechangamka kwa sababu waliona wamewahi. Mzee hakuuliza kitu. Alikusanya nyasi kavu pembeni ya uwanja, akawasha moto mdogo, akaanza kupasha ngoma. Ngozi ikipata ubaridi hulegea, na sauti yake huwa nzito kama mtu mwenye mafua. Aliizungusha ile ngoma taratibu juu ya moto, haikai mahali pamoja ngozi isije ikaungua, kisha akaipiga kwa ncha za vidole na kutega sikio. Bado. Akaizungusha tena. Nilisimama nyuma yake na karatasi ya ratiba mkononi, na kila alipoipiga, sauti ilikuwa imepanda kidogo. Ilipofika pale alipopataka alitabasamu, akanigeukia. "Mwanangu, tuko tayari. Tunaingia wa ngapi?"

Nilimwambia. Mama aliyekuwa kiongozi wao akasema kwa upole, "Lakini redio imesema saa nane." Sikuwa na la kubisha. Redio ilisema saa nane kwa sababu karatasi yangu ilisema saa nane.

Walicheza, mbele ya watu waliokuwa wanakula, majaji wakiwa wamekaa upande mwingine. Nauli yao tuliilipa wiki iliyofuata.

Tangu siku hiyo, muda kwenye taarifa nauandika kwa tarakimu na kwa maneno, na kila tukio nalitengea mstari wake: "Mashindano ya ngoma yataanza saa 2:00 (saa mbili) asubuhi." Tarakimu ni za gazeti, maneno ni ya mtangazaji, ambaye mara nyingi anaisoma kwa mara ya kwanza akiwa tayari hewani. Kisha naichukua kila saa na neno linaloifuata, nauliza kama viwili hivyo vinakaa pamoja: saa mbili na asubuhi, vinakaa; saa nane na asubuhi, havikai. Nikikuta havikai, siendi kubahatisha. Narudi kwa aliyetoa ratiba.

Kipimo hicho hakikamati kila kitu. Saa saba usiku inakaa vizuri kabisa kwa Kiswahili, na ndiyo maana kipimo hicho kingeipitisha, ilhali tulitaka saa moja. Kwa shughuli za usiku naongeza kitu kingine: "mara baada ya jua kuzama", au kama kweli ni usiku wa manane, "usiku wa kuamkia Jumapili". Nikiandika "usiku wa Jumamosi" tu, wazee wengine wanaelewa usiku wa Ijumaa, kwa kuwa kwa hesabu yao siku huanza jua linapozama.

Halafu nampigia mtangazaji. Simuulizi kama ameipata, maana jibu huwa ndiyo. Namwomba anisomee mstari wa muda kama atakavyousoma hewani. Ni nusu dakika. Na nikiona taarifa imekwisha kutoka na kosa, situmi nakala mpya kimyakimya, kwa sababu zote mbili zitabaki mezani na hakuna atakayejua ipi ni ipi. Natuma yenye neno MAREKEBISHO juu kabisa, na mstari wa kwanza unasema: "Badala ya saa nane mchana, someni saa mbili asubuhi."

Mwanangu amerudi na daftari. Amechora saa mbili ubavu kwa ubavu, moja ya simu na moja ya nyumbani, na anataka kujua ipi ndiyo ya kweli. Nimemwambia zote. Ameniangalia kama ambaye hajajibiwa, na sijui kama nimemjibu.